Wati 24 Zinaingia, Wati 4.6 Zinatoka

Ukiigeuza paneli ya sola ya wati 160 utakuta mgongoni kibandiko chenye namba chache. Pmax ni wati 160, Voc inakaribia volti 23, Isc inazidi kidogo ampea 9. Chini kabisa, kwa maandishi madogo ambayo wanunuzi wengi hawayasomi, imeelezwa kwamba paneli ilipimwa kwenye mwanga wa wati 1000 kwa kila mita ya mraba, huku seli zenyewe zikiwa na nyuzi joto 25. Upande wa mbele zimepangwa seli 36, kila moja sentimita 15.6 kwa 15.6, zimeungwa kwa mfuatano, mgongo wa moja ukishikana na uso wa inayofuata.

Tuifuate seli moja tu kati ya hizo 36. Eneo lake ni sentimita za mraba 243, kwa hiyo jua la wati 1000 kwa mita linaimwagia wati 24.3. Seli ikiwa nzima na safi inatoa kama wati 4.6. Karibu wati 20 zimepotelea njiani, na mtu akisikia hivyo kwa mara ya kwanza hudhani kiwanda kimezembea au kauziwa paneli bandia. Paneli bandia zipo, lakini hapa si suala hilo. Nusu ya wati zile 24 hupotea kwa sababu ya silikoni yenyewe, na hakuna kiwanda duniani kinachoweza kuzirudisha kwa kutumia silikoni peke yake. Hesabu ya nusu hiyo ndiyo inayoeleza seli inavyofanya kazi, kwa hiyo tuanze nayo.

Atomi ya silikoni ina elektroni nne za nje. Ndani ya fuwele, kila atomi imeshikana na majirani wanne, na katika kila kiungo yeye anatoa elektroni moja na jirani anatoa moja. Elektroni zote zina kazi. Hakuna ya ziada ya kutembeatembea, ndiyo maana silikoni safi iliyoko gizani hupitisha umeme kidogo mno. Ili elektroni ing'oke kwenye kiungo chake na kuwa huru, ni lazima ipewe nishati ya kiasi fulani kwa mkupuo mmoja. Kati ya hali ya kufungwa na hali ya kuwa huru hakuna mahali pa kusimama. Kiasi hicho huitwa pengo la nishati, na kwa silikoni kwenye joto la kawaida ni elektronivolti 1.12. Elektronivolti ni kipimo kidogo sana, ni nishati ambayo elektroni moja huipata inapovuka tofauti ya volti moja.

Mwanga nao hauji kama maji yanayotiririka, bali huja kwa chembe ziitwazo fotoni, na kila rangi ina fotoni zenye nishati yake. Ukitaka kuijua, gawanya 1240 kwa urefu wa wimbi katika nanomita. Mwanga wa buluu wa nanomita 450 una fotoni za elektronivolti 2.76. Mwekundu wa nanomita 650 una 1.9. Miali ya infraredi ya nanomita 1500, ambayo macho hayaioni lakini ngozi huihisi kama joto, ina 0.83 tu.

Mbele ya fotoni hizo silikoni ina tabia ya daladala ambayo kondakta wake hana chenji. Nauli ni 1.12. Aliyepungukiwa hapandi, hata wakiwa kumi wakachanga. Na mwenye noti kubwa anapanda, lakini asitarajie kurudishiwa kitu. Fotoni ya infraredi ya 0.83 inapita ndani ya seli kana kwamba seli haipo, au inaishia kupasha moto mgongo wa paneli. Fotoni ya buluu inang'oa elektroni moja, na ile 1.64 iliyozidi inageuka mtikisiko wa atomi, yaani joto, katika muda ulio mfupi kuliko sehemu ya bilioni ya sekunde. Elektroni iliyong'olewa na buluu na ile iliyong'olewa na nyekundu mwishowe zinafanana kabisa, na seli haina njia ya kujua ipi ililetwa na nani.

Sasa turudi kwenye wati 24.3. Fotoni zilizopungukiwa zinaondoka na karibu asilimia 19 ya nishati ya jua, yaani wati 4.6, kiasi kilekile ambacho seli nzima itakuja kukitoa. Ziada ya fotoni zenye nguvu inapoteza karibu theluthi moja, takribani wati 7.9. Zimebaki wati 11.8, na bado hatujazungumzia vumbi, nyaya wala ubovu wa aina yoyote.

Mtu mwerevu atauliza: kwa nini tusitafute dutu yenye pengo dogo zaidi, ili fotoni nyingi zaidi zihesabike? Germaniamu ina pengo la 0.67. Ni kweli ingekamata fotoni nyingi na kutoa ampea nyingi, lakini kila elektroni ingebeba nishati ndogo, na volti za seli zingekuwa haba. Ukienda upande wa pili, ukachukua dutu yenye pengo la 2, utapata volti nzuri na ampea chache, kwa sababu sehemu kubwa ya jua itapita bila kuguswa. Ampea zinapopanda volti zinashuka, na wati ni ampea mara volti. Kwa hiyo mahali fulani katikati pana kilele. William Shockley na Hans Queisser ndio waliokipigia hesabu mwaka 1961, na kwa mwanga wa jua unaotufikia ardhini kilele hicho kiko karibu na elektronivolti 1.34, pale ambapo seli iliyo kamilifu ingefikia ufanisi wa takribani asilimia 33.7.

Silikoni haiko kileleni, ila mlima wenyewe ni mpana na hauna ncha kali, kwa hiyo kukaa kwenye 1.12 kunagharimu kidogo tu. Galiamu arsenaidi, yenye 1.42, iko karibu zaidi na kilele na imetumika sana kwenye satelaiti, lakini bei yake haiwezi kupanda paa la bati. Silikoni ni elementi ya pili kwa wingi katika gamba la dunia baada ya oksijeni, viwanda vya kompyuta vilishajifunza kuisafisha, na haina sumu. Kwa maoni yangu haikushinda kwa sababu ndiyo bora kifizikia. Ilishinda kwa kuwa karibu vya kutosha na ubora huku ikiwa rahisi kupatikana. Udhaifu wake mmoja, kwamba humeza mwanga mwekundu kwa uvivu, tutaukuta mbele.

Njia mojawapo ya kuikwepa ile sheria ya kutorudisha chenji ni kuweka mapengo mawili, moja juu ya jingine. Tabaka la juu la perovskaiti, lenye pengo la karibu 1.68, linachukua buluu na kijani kwa volti kubwa, na linachoshindwa kinashukia silikoni. Seli za namna hiyo zimevuka asilimia 34 maabara, na mwaka 2024 kampuni ya LONGi ya China ilitangaza 34.6. Tatizo ni uhai: perovskaiti huchoka kwa unyevu na joto, na paneli ya juu ya paa inatarajiwa kudumu miaka 25.

Kufikia hapa tuna elektroni huru, lakini hatuna umeme. Elektroni iliyong'oka imeacha tundu kwenye kiungo chake. Elektroni ya kiungo cha jirani inaweza kuruka na kuliziba, likahamia kwa jirani, kwa hiyo tundu nalo linatembea, na linatembea kana kwamba lina chaji chanya. Zikiachwa hivyo, elektroni na tundu zitazurura mpaka mojawapo ya elektroni iangukie tunduni na nishati yote iishe kuwa joto. Jiwe la kawaida likipigwa na jua hufanya hivyo kutwa nzima. Kinachoifanya seli isiwe jiwe ni makutano ya p na n.

Kipande cha silikoni cha seli yetu kina unene wa kama milimita 0.18. Tangu kilipokuwa kimeyeyushwa kilitiwa boroni kidogo sana, atomi moja kwa kila atomi milioni kadhaa za silikoni. Boroni ina elektroni tatu za nje, kwa hiyo kila inapokaa kuna kiungo kimoja chenye upungufu, na upungufu huo ni tundu. Silikoni hiyo ni ya aina ya p. Baadaye kipande kinaingizwa kwenye tanuru la zaidi ya nyuzi 800 lenye mvuke wa fosforasi. Fosforasi ina elektroni tano, na inazama kwenye uso wa kipande kwa kina kisichofika mikromita moja. Hapo sasa kuna elektroni za ziada zisizo na kiungo, na tabaka hilo jembamba ni la aina ya n. Tukumbuke kwamba pande zote mbili bado hazina chaji: kila elektroni ya ziada ina protoni yake kwenye kiini cha fosforasi.

Pande hizo zinapogusana, elektroni za n humwagikia upande wa p na kuziba matundu yaliyo karibu na mpaka. Atomi za fosforasi zilizoachwa haziwezi kufuata, zimeganda kwenye fuwele, na sasa zina chaji chanya. Upande wa pili atomi za boroni zilizopokea zimekuwa hasi. Safu hizo mbili za chaji zisizohama zinatengeneza uga wa umeme unaosukuma elektroni zirudi zilikotoka, na mmwagiko unasimama wenyewe. Kinachobaki ni ukanda mwembamba usiozidi mikromita moja, usio na elektroni huru wala tundu, wenye tofauti ya kama volti 0.8 kutoka upande mmoja hadi mwingine. Volti 0.8 ni ndogo, lakini kwa wembamba huo uga wake unazidi volti 10,000 kwa sentimita.

Michoro mingi ya vitabu huonyesha fotoni ikigonga palepale kwenye ukanda huo. Mara nyingi si hivyo. Ukanda ni mwembamba mno, na mwanga mwingi unamezwa chini zaidi, ndani ya silikoni ya p ambako hakuna uga wowote. Elektroni iliyong'olewa huko haivutwi na kitu. Inayumba huku na huku kwa msukosuko wa joto, kama bahati ikiwa nzuri inafika ukingoni mwa ukanda, na hapo inanyakuliwa na kutupwa upande wa n. Tundu lake haliruhusiwi kuvuka. Uga unaoipeleka elektroni mbele unalirudisha nyuma. Elektroni zinajaa usoni, matundu yanajaa mgongoni, na ukiunganisha waya kati ya uso na mgongo, elektroni zinarudi kwa njia ndefu kupitia taa yako.

Kwa hiyo ubora wa silikoni hupimwa kwa muda ambao elektroni huweza kuzurura kabla ya kuanguka tunduni. Chuma ni adui mkubwa hapa: hata atomi moja kati ya bilioni kumi inatosha kuufupisha muda huo. Nyuso za kipande nazo ni hatari, kwa kuwa fuwele inapokatika viungo hubaki vikining'inia wazi, na kila kimoja ni mtego.

Makutano haya hayakubuniwa mezani. Mwaka 1940 Russell Ohl wa maabara za Bell, Marekani, alikuwa akipima kipande cha silikoni chenye ufa, akashangaa kuona kinatoa karibu nusu volti kikimulikwa. Ikaja kujulikana kwamba pande mbili za kipande kile zilikuwa na uchafu wa aina tofauti, moja p na nyingine n. Mwaka 1954, katika maabara hizohizo, Daryl Chapin, Calvin Fuller na Gerald Pearson walitengeneza makutano kwa makusudi na kuonyesha seli yenye ufanisi wa kama asilimia 6.

Turudi kwenye daftari letu la hesabu, tulikoacha wati 11.8. Kama kila fotoni yenye nauli kamili ingetoa elektroni iliyofika kwenye waya, seli yetu ingetoa ampea 10.6. Inatoa 9.2. Sehemu ya mwanga huakisiwa: silikoni tupu hung'aa na kurudisha zaidi ya asilimia 30, ndiyo maana hupakwa utando wa silikoni naitraidi wa unene wa nanomita 75 hivi, na utando huo ndio unaoipa seli rangi yake ya buluu. Vijistari vya fedha vinavyokusanya elektroni huziba asilimia chache za uso. Halafu kuna ule uvivu niliousema. Mwanga wa buluu humezwa ndani ya nusu mikromita, lakini ule wa nanomita 1000, ambao una nauli kamili, unahitaji kama mikromita 150 ili theluthi mbili yake imezwe. Mwingine unafika mgongoni bado mzima, kwa hiyo viwanda huchonga uso uwe na vipiramidi vidogo ili mwanga uingie kimshazari na kusafiri mbali zaidi. Mapungufu haya yote kwa pamoja yanatugharimu kama wati 1.5.

Hasara inayofuata ni kubwa, na ndiyo isiyoeleweka sana. Kila elektroni iling'olewa kwa elektronivolti 1.12, lakini Voc ya seli ni volti 0.64 tu. Hizo nyingine ziko wapi? Jibu liko kwenye makutano yenyewe. Elektroni zinapojaa usoni na matundu mgongoni, volti inayojengeka inaupunguza nguvu ule uga uliozitenganisha. Ukuta unakuwa mfupi, na baadhi ya elektroni zinaanza kuuruka kurudi upande wa p na kuangukia matunduni. Volti ikizidi kupanda zinazorudi zinaongezeka kwa kasi, mpaka zilingane na zinazoletwa na mwanga. Hapo ndipo Voc ilipo. Hata seli isiyo na dosari yenye pengo la silikoni isingevuka volti 0.87 hivi. Zile bora kabisa za maabara ziko karibu na 0.75. Tofauti kati ya 0.75 na 0.64 yetu ni mitego ya uchafu na ya nyuso, na maendeleo mengi ya miaka ya karibuni yamekuwa vita dhidi ya mitego hiyo. Kwa seli yetu, ampea 9.2 mara volti 0.64 ni wati 5.9, tumepoteza 4.4.

Ya mwisho ni kwamba huwezi kupata volti zote na ampea zote kwa wakati mmoja. Ukiruhusu umeme utoke, volti hushuka, na ukinzani wa vijistari na nyaya unakula kidogo. Mahali pazuri pa kufanyia kazi hutoa kama asilimia 79 ya zile wati 5.9, yaani wati 4.6. Seli 36 zinakaribia wati 167, kioo na viungo vinachukua chao, na kibandiko kinaandikwa 160.

Isipokuwa kwamba 160 hiyo ni ya nyuzi 25, na paa la bati la Dodoma au Mombasa saa saba mchana haliijui 25. Seli zikifika nyuzi 60, elektroni nyingi zaidi zina nguvu ya kuuruka ule ukuta, na kila seli inapoteza kama milivolti 2 kwa kila nyuzi. Nyuzi 35 za ziada mara seli 36 ni kama volti 2.5. Volti ya kazi ya paneli inashuka kutoka karibu 18 hadi 15.5, na wati zinabaki kama 138. Hapa ndipo inapoonekana kwa nini seli ni 36 na si 30. Betri ya asidi ya volti 12 inataka zaidi ya volti 14 ili ijae, na paneli ya seli 30 ikichemka isingefika. Ukitaka kuipunguzia joto, inua paneli sentimita kumi au zaidi juu ya bati, hewa ipite chini yake.

Kwa kuwa seli zimeungwa kwa mfuatano, ampea za zote ni sawa na za ile iliyo dhaifu kuliko zote. Jani moja la mwembe likilala juu ya seli moja linaweza kuinyonga paneli nzima, na seli iliyofunikwa huanza kupokea umeme wa wenzake na kuchemka mpaka ikaacha doa la kahawia. Kinga yake ni dayodi mbili mgongoni, kila moja ikilinda seli 18 kwa kuzipitishia umeme pembeni.

Fundi mwenye mita ya kawaida anaweza kusoma mengi kutokana na hayo. Paneli iwe imetenganishwa na betri na kontrola, jua liwe kali. Voc ikiwa sawa na kibandiko au pungufu kidogo, na Isc ikiwa chini sana, tafuta vumbi, kivuli au kioo kilichofifia, kwa sababu ampea zinafuata mwanga ilhali volti haziyumbi sana. Voc na Isc zikiwa nzuri zote, lakini volti zinaporomoka mara tu unapounganisha mzigo, kuna kiungo kilicholegea au kilichoungua. Na Voc ikiwa kama volti 10 au 11 badala ya 21, yaani nusu kabisa, si seli zilizochoka: karibu kila mara ni dayodi moja iliyoungua na kubaki ikipitisha umeme muda wote, ikizima nusu ya paneli. Dayodi hizo zimo ndani ya kisanduku cheusi nyuma. Kwenye paneli nyingi za ukubwa huu kifuniko chake hufunguka kwa bisibisi, na dayodi mbovu hutolewa na kulehemiwa mpya ya ampea zilezile.